Siku 14 ni Nyingi kwa Mtoto Anayekuja Wiki Ijayo

Leo naongea na ofisi za rasilimali watu, zile za Lodwar na Kakuma, pamoja na hizo chache tulizo nazo huku kwetu Lokori. Pia naongea na wewe uliyeajiriwa, ambaye jina lako liko kwa shirika la kuasili na unangoja kupigiwa simu. Soma sasa, manake siku simu itaingia utakuwa na mambo mengine ya kufanya.

Msimamo wangu ni mfupi. Mwajiri anayewanyima mke na mume likizo ya kuasili kwa sababu tu notisi imefika siku chache kuliko 14 anaisoma sheria vibaya. Tena, sheria yenyewe imeacha pengo hapo, na pengo hilo linawaumiza wafanyakazi ambao hawajakosea chochote.

Tuanze na sheria. Mimi si wakili, na chuo niliacha katikati, lakini kifungu chenyewe ni kifupi kuliko masharti ya mkopo wa simu. Kiko kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na kinaitwa 29A. Hakikuwepo mwanzoni. Kililetwa na muswada wa Martha Wangari, alipokuwa mbunge wa Gilgil, na Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi tarehe 30 Machi 2021. Kabla ya hapo, mama aliyezaa alikuwa na miezi mitatu kwa sheria na baba alikuwa na wiki mbili. Aliyeasili hakuwa ametajwa popote.

Sasa kifungu kinasema hivi, kwa maneno yangu. Mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto ili amuasili anapata likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa. Anatakiwa kumwandikia mwajiri angalau siku 14 kabla ya siku hiyo. Barua iambatanishwe na karatasi zinazoonyesha kwamba shirika la kuasili linakusudia kumpa mtoto, zikiwemo mkataba wa ulezi kati yake na shirika, na cheti cha kumruhusu amtoe mtoto mikononi mwa shirika. Akimaliza likizo, anarudi kwa kazi yake ileile au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza.

Ukisoma haraka unaona ni sawa tu. Shida inatokea ukiiweka hiyo sheria juu ya kalenda ya watu halisi.

Kuna mke na mume wa hapa kwetu, siwataji. Mke anafanya kazi ya kutunza rekodi kwa shirika moja Kakuma, na mume ni mtunza stoo wa kampuni moja Lodwar. Walikuwa wamefanyiwa tathmini yote: nyumba ikakaguliwa, afya ikapimwa, tabia njema ikathibitishwa, hati za mshahara zikatolewa. Hiyo ilichukua miezi mingi, halafu kukawa kimya. Jumatatu tarehe 2 Juni simu ikaita. Kuna mtoto amepatikana anayewafaa, yuko kwa makao ya watoto nje ya kaunti. Waende wamwone, wakikubali watie sahihi, na Jumatano tarehe 11 wamchukue.

Hesabu siku. Kutoka tarehe 2 hadi tarehe 11 ni siku 9. Hata kama wangeandika barua simu ikiwa bado iko sikioni, siku 14 zingewafikisha tarehe 16. Hawakuchelewa hata saa moja, na bado kwa karatasi walikuwa wamechelewa siku 5.

Halafu kuna kile cheti. Wao walipewa tarehe 11, siku ileile ya kumbeba mtoto, na ukifikiria utaona kwa nini. Hiyo karatasi ni ruhusa ya kumtoa mtoto mlangoni. Nani atakupa ruhusa ya kumtoa mtoto wiki mbili kabla hujamtoa? Lakini kifungu kinaitaja kama mojawapo ya viambatanisho vya notisi inayotakiwa siku 14 kabla. Yaani unaambiwa uonyeshe tiketi uliyokatiwa ukishapanda gari.

Waliniletea barua nizichape, manake laptopu yangu ndiyo ilikuwa karibu na ilikuwa na chaji. Barua zilikuwa mbili, moja kwa kila mwajiri, maneno karibu sawa. Kakuma walijibu kesho yake: likizo imekubaliwa kuanzia tarehe 11, cheti kiletwe kikitoka. Lodwar walijibu baada ya siku tatu, na jibu lilikuwa hapana, kwa sababu tatu. Kwanza, notisi ni fupi. Pili, hakuna amri ya mahakama ya kuasili. Tatu, wewe ni mwanamume, chukua wiki mbili zako za baba.

Nitazichukua hizo sababu moja moja, manake nimezisikia kwa watu wengine pia.

Naanza na ile ya mahakama kwa sababu ndiyo mbovu zaidi. Likizo hii kwa sheria inaitwa likizo ya kabla ya kuasili. Hilo neno "kabla" halikuwekwa kwa urembo. Mtu haendi mahakamani kwanza ndiyo apewe mtoto. Mtoto anakabidhiwa, anakaa na wanaotaka kumuasili kwa miezi mitatu mfululizo, na baada ya hapo ndipo ombi linaweza kupelekwa mahakamani. Amri yenyewe inakuja baadaye tena, kulingana na foleni ya kesi. Kwa hivyo afisa anayedai amri ya mahakama mwezi Juni anadai karatasi ambayo ombi lake lenyewe haliwezi kuwasilishwa kabla ya Septemba. Na likizo inaanza siku ya kukabidhiwa, siyo siku ya amri. Ukingoja amri, hiyo likizo haitakuwepo kamwe.

Tunakuja kwa ile ya baba. Wiki mbili za baba ziko kifungu cha 29, na mwezi mmoja wa kuasili uko 29A. Hivi ni vitu viwili. Kifungu cha 29A hakisemi "mama" wala "mfanyakazi wa kike". Kinasema mfanyakazi ambaye ni mwombaji. Mke na mume wakiomba kuasili pamoja, wote wawili ni waombaji, majina yote mawili yako kwa mkataba wa ulezi na sahihi zote mbili zipo. Kwa hivyo kila mmoja anaomba mwezi wake kwa mwajiri wake. Kakuma kumpa mke hakupunguzi chochote cha mume Lodwar.

Kuna jambo moja hapo ambalo watu hukosea. Miezi hiyo miwili inakwenda sambamba, kwa sababu yote inahesabiwa kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa. Kwa wenzetu hawa ilikuwa tarehe 11 Juni hadi tarehe 10 Julai kwa wote wawili. Wakitaka mama aanze na baba afuate, ili mtoto awe na mzazi nyumbani kwa miezi miwili, hilo ni la kuelewana na mwajiri wa baba. Ombeni, lakini msiliandike kama haki.

Sasa notisi. Hapa nawaomba watu wa rasilimali watu wafungue kifungu cha 29 na 29A, waviweke kando kwa kando. Kile cha mama mzazi kinasema atapata haki zake iwapo tu atatoa notisi ya siku 7, au muda mfupi zaidi unaofaa kulingana na hali. Kwa hivyo notisi pale ni sharti la haki yenyewe, lakini sheria ikakumbuka kwamba mtoto anaweza kuwahi, ikalegeza kamba. Kile cha kuasili kinasema mfanyakazi atamjulisha mwajiri siku 14 kabla. Hakikuweka maneno ya kulegeza. Lakini pia hakikuweka yale maneno ya "iwapo tu". Hakuna mahali kinasema aliyejulisha siku 9 kabla amepoteza mwezi wake.

Kwa usomaji wangu, zile siku 14 ziliwekwa kumsaidia mwajiri apange nani atashika kazi. Ni kinga yake, na mtu anaweza kuamua kutotumia kinga yake. Sheria ya Ajira yenyewe inasema masharti yake ni ya chini kabisa, na mwajiri akitoa mazuri zaidi, hayo mazuri ndiyo yanayofuatwa. Kwa hivyo afisa hawezi kusema "mikono yangu imefungwa". Mikono yake iko huru. Anaweza kukubali siku 9, au 3, kwa barua ya mistari miwili.

Najua watasema: na kama mtu anadanganya? Na kama stoo inabaki bila mtu? Ni maswali halali. Lakini dawa ya udanganyifu ni karatasi, na hapa karatasi zipo: barua ya shirika, mkataba wa ulezi, cheti. Kuhusu stoo, mama akijifungua wiki sita mapema kampuni hiyohiyo inapata mtu wa kushikilia. Mfanyakazi akilazwa leo, kesho kuna mtu pale. Siku 9 ni muda mrefu ukilinganisha na hizo.

Tena afisa asipomruhusu, nini kinatokea kwa mtoto? Kuna uwezekano wa aina mbili. Ama baba anaenda kazini tarehe 11 na mama anasafiri peke yake, safari ya siku mbili kurudi Lokori na mtoto asiyemjua. Ama shirika linaambiwa lisogeze tarehe, na mtoto anabaki kwa makao siku zaidi kwa sababu ya muhuri. Yeye ndiye mtu pekee kwenye hadithi hii ambaye hakuulizwa maoni, na ndiye anayelipa.

Barua ya kwanza ya mume ilikuwa ndefu na ilikuwa inaomba huruma. Ilieleza miaka waliyokaa bila mtoto, hospitali walizozunguka, na hata kidogo alichosikia kuhusu mama aliyemzaa mtoto. Nilimwambia kaka, hayo yatoe. Kwanza, unaomba kitu ambacho sheria imekupa, hauombi msaada wa harambee. Pili, na hili ni zito, historia ya mtoto si mali yako ya kugawa. Barua ya ofisi inapita kwa mikono mingi: katibu, msimamizi, mtu wa mishahara. Miaka kumi baadaye huyo mtoto atakuwa anacheza na watoto wa hao watu. Mwajiri anahitaji kujua tarehe na mamlaka, basi. Hata jina la mtoto haliingii kwa barua. Kama karatasi za shirika zina maelezo yake, zipeleke kwa mkono, kwa bahasha iliyofungwa, afisa azione na azihifadhi kwa faili ya siri.

Barua ya pili ilikuwa hivi, nimetoa tu majina:

Kwa Afisa wa Rasilimali Watu,

KUH: NOTISI YA LIKIZO YA KABLA YA KUASILI, KIFUNGU CHA 29A

Nakujulisha kwamba mimi na mke wangu, tukiwa waombaji wa pamoja, tutakabidhiwa mtoto na shirika la kuasili lililosajiliwa tarehe 11 Juni. Shirika lilitujulisha tarehe 2 Juni, nami nikaandika barua ya kwanza siku iliyofuata.

Naomba likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia tarehe 11 Juni hadi tarehe 10 Julai. Nitarudi kazini Ijumaa tarehe 11 Julai.

Naambatanisha barua ya shirika inayoonyesha tarehe ya kukabidhiwa, na mkataba wa ulezi wenye sahihi zetu. Cheti cha kumchukua mtoto kitatolewa siku ya kukabidhiwa, nami nitakileta ndani ya siku tatu za kazi baada ya hapo.

Muda wa notisi ni mfupi kuliko siku 14 kwa sababu tarehe ilipangwa na shirika, siyo na mimi. Naomba ofisi ikubali muda huu. Amri ya mahakama haihitajiki katika hatua hii, kwa kuwa ombi huwasilishwa baada ya mtoto kukaa nasi miezi mitatu.

Nimekubaliana na mwenzangu wa stoo kwamba atashika funguo na daftari la bidhaa, na nitamkabidhi tarehe 9 Juni.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 9 Juni.

Mwisho wa barua. Ona venye kila mstari una kazi. Tarehe ya simu na tarehe ya barua zinaonyesha hakukalia habari. Kile cheti kimetajwa kabla hawajakiuliza. Tarehe ya kurudi iko wazi, kwa sababu mtu wa mishahara anaihitaji. Na ule mstari wa stoo ndio uliofungua mlango, kwa maoni yangu, manake hofu ya bosi haikuwa kifungu, ilikuwa funguo. Safari za kwenda kumwona mtoto kabla ya tarehe 11 hakuziweka humo. Hizo alitumia siku zake za likizo ya mwaka, kwa sababu mwezi wa kuasili hauanzi kabla ya mtoto kukabidhiwa. Tarehe 9 jioni alipata jibu, na lilikuwa ndiyo.

Na kama jibu lingekuwa "nenda lakini usirudi"? Sheria hiyohiyo, kifungu cha 46, inasema kuchukua likizo unayostahili, au hata kuiomba tu, si sababu halali ya kukufuta. Ndiyo maana nasisitiza kila kitu kiwe kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa msimamizi ni tamu sana mpaka msimamizi ahamishwe.

Kwa wale ambao bado mnangoja simu, kuna njia ya kupunguza presha hii. Mkishapita tathmini, andikieni mwajiri barua fupi ya mapema: kwamba mmekubaliwa kuwa wazazi wa kuasili, kwamba tarehe haijulikani, na kwamba notisi kamili inaweza kuwa ya siku chache. Hiyo haihesabiki kama ile notisi ya siku 14, lakini inamwondolea afisa neno "ghafla". Ukiona ofisi yenu ni ya umbea, subiri, hiyo pia ni haki yako.

Sasa nisiwadanganye kuhusu mipaka. Huku Turkana watoto wengi wanaokuja ghafla hawaji kupitia shirika. Dada amefariki, ndugu ameuawa kwa uvamizi, na usiku huohuo watoto wamefika kwako. Kule Kakuma, watoto wakimbizi waliofika bila wazazi huwekwa kwa familia za malezi. Wote hao wanahitaji mtu wa kukaa nao siku za kwanza, pengine kuliko yeyote. Lakini 29A haiwahusu, kwa sababu imefungwa kwa mtoto anayeelekea kuasiliwa kupitia shirika. Ukiwa kwa hali hiyo, usiandike 29A kwa barua, utakataliwa na watakuwa sahihi. Omba likizo yako ya mwaka, ambayo kwa sheria ni angalau siku 21 za kazi baada ya miezi 12 kazini, na uangalie kama kitabu cha kanuni cha mwajiri wako kina siku za dharura ya familia.

Je, hili pengo la siku 14 linazibika? Linazibika kwa urahisi. Uingereza, kwa mfano, haimwambii mzazi ahesabu kurudi nyuma kutoka siku mtoto anafika. Inamwambia amjulishe mwajiri ndani ya siku 7 tangu ajulishwe kuwa amepatiwa mtoto, na kama haiwezekani, basi mapema iwezekanavyo. Hesabu inaanzia mahali ambapo mtu ana uwezo, yaani siku aliyopata habari. Sisi tumeianzia kwa siku ambayo mfanyakazi haipangi.

Bunge likitaka, halihitaji hata kutunga maneno mapya. Yale ya "au muda mfupi zaidi unaofaa kulingana na hali" tayari yako kwa kifungu cha 29, kinachohusu mama mzazi. Yanakiliwe tu, yawekwe 29A, na kile cheti kiruhusiwe kuletwa baada ya mtoto kukabidhiwa.

Lakini ofisi za hapa Lodwar na Kakuma hazina haja ya kungoja Bunge. Afisa anaweza kuongeza mstari mmoja kwa kitabu chake cha kanuni wiki hii: notisi ya kuasili itapokelewa ndani ya siku 3 za kazi tangu mfanyakazi ajulishwe na shirika, na cheti kitaletwa kikitoka. Kama wewe ndiye huyo afisa na umesoma mpaka hapa, chukua mstari huo, ni wa bure. Na kama wewe ndiye unayengoja simu, nakili hiyo barua ukaiweke mahali utaipata, ubadilishe tarehe tu.